Kumwandikia mwenzako Mwitaliano aliyefiwa na mzazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu anayefanya kazi na Mwitaliano anayekisoma Kiswahili kwa kiasi cha kutosha, labda mwaka mmoja au miwili ya kujifunza, na sasa baba au mama yake amefariki. Wewe unataka kumtumia ujumbe kwa Kiswahili, lugha mnayotumia kila siku kazini, na unaogopa kukosea.

Kwa nini nisimwandikie tu kwa Kiitaliano?

Kama unakijua vizuri, mwandikie. Kama hukijui, sentensi tano za Kiitaliano kutoka kwenye programu ya kutafsiri zitakuwa sahihi na baridi, na zitafanana na maneno ya kwenye shada la maua. Atapokea meseji nyingi za aina hiyo kutoka kwao. Kutoka kwako anatarajia sauti anayoijua, na sauti hiyo ni ya Kiswahili.

Sharti ni moja: aelewe bila kufungua kamusi. Mtu aliye kwenye msiba hasomi kwa utulivu. Anasoma kwenye simu akiwa uwanja wa ndege, au kwenye korido ya hospitali, akiwa na usingizi wa saa mbili. Kwa hiyo andika sentensi fupi, tumia maneno anayoyasikia kila siku, na uache methali.

Neno "pole" linatosha, au ni dogo mno?

Linatosha, lakini kumbuka mwenzako alijifunza wapi neno hilo. Mgeni husikia "pole" mara ya kwanza anapojikwaa kizingiti, anapokwama kwenye foleni au anaporudi kazini na mafua. Tena kitabu chake cha kwanza kilimfundisha "polepole". Kwa hiyo ukimwandikia "Pole." na nukta, basi, anaweza kuona umempa neno lile lile ulilompa alipomwaga chai.

Tiba yake ni kulitaja jambo lenyewe: "Pole sana kwa kufiwa na baba yako." Hapo neno linapata uzito wake. Na kama unajua ana mama aliyebaki au ndugu, tumia wingi: "Poleni sana, wewe na mama na dada yako." Huo wingi ni kitu ambacho Kiswahili kinakifanya vizuri kwa herufi mbili tu, na ataona kwamba hukumfikiria yeye peke yake.

Kuna jambo dogo la sarufi hapa. "Kufiwa na baba" humchanganya mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu amezoea kwamba "na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtendaji: ameitwa na baba, amepigwa na baba. Sasa amefiwa na baba? Mwitaliano ana bahati, kwa kuwa lugha yake ina muundo unaokaribiana na huo. Kwao husemwa "mi è morta la mamma", yaani mama amenifia. Hata hivyo, ukiona bado ni mgeni sana kwenye lugha, andika "baba yako amefariki" katika sentensi ya kwanza, kisha "pole sana" katika ya pili. Maana ni ile ile na hakuna kitendawili.

Niandike amefariki, ameaga dunia, ametutoka au ametangulia mbele za haki?

Andika "amefariki". Ni neno la heshima, na mgeni analijua kwa sababu hulisikia katika kila tangazo la msiba. "Ameaga dunia" nalo litapita. "Ametangulia mbele za haki" ni maneno mazuri sana kwa masikio yetu, lakini mtu aliyejifunza "kutangulia" kwa maana ya kwenda mbele ya wenzake atabaki anajiuliza mzee alikwenda wapi, na "haki" hiyo ni mahakama ipi.

Upande wa pili pia una mtego, na ni vizuri uujue kabla hujajibu meseji yake. Waitaliano nao hulikwepa neno la kifo. Husema mtu "è mancato", yaani amekosekana, au "è scomparso", ambalo kwa neno moja moja ni ametoweka. Mtu akitafsiri kichwani mwake huku analia, anaweza kukuandikia kwa Kiswahili "baba yangu ametoweka jana usiku". Usikimbilie kumjibu kwamba unaomba apatikane salama. Angalia mazingira: kama mzee alikuwa mgonjwa, au kama meseji inataja kanisa na saa, ujue amefariki.

Na kama ameandika waziwazi "baba amekufa", mwache. Neno hilo ndilo alilofundishwa kwanza. Jibu kwa "amefariki" bila kumsahihisha.

Nimtaje Mungu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Kiswahili cha msiba kimejaa dini: Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi, kazi ya Mungu haina makosa, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wengi wetu tunayaandika bila kufikiri, na kati yetu wenyewe hayaleti shida.

Watu hudhani kila Mwitaliano ni Mkatoliki wa kwenda misa. Wengi walibatizwa utotoni, na mazishi mengi hufanyika kanisani, lakini kubatizwa si kusali. Wapo wasioamini kabisa, na wapo wa dini nyingine. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mwenzangu huyu amewahi kumtaja Mungu mbele yangu kwa hiari yake? Kama hukumbuki hata siku moja, tumia "Apumzike kwa amani" na uishie hapo. Ina heshima ya kutosha kwa mwenye imani na haimlazimishi asiye nayo.

Kama ni Mkatoliki anayesali, una kitu kizuri mkononi. Sala ya marehemu ambayo Waitaliano huijua tangu utoto, "L'eterno riposo", iko kwa Kiswahili karibu neno kwa neno: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Amina." Huenda tayari ameisikia kanisani. Ataitambua kwa mpangilio wake hata kama neno moja linampita.

Sentensi ninayoshauri uiache kabisa, hata kwa mwenye imani, ni "kazi ya Mungu haina makosa". Sisi tunaisema kama njia ya kukubali. Mgeni anayeichambua neno kwa neno anasikia kwamba kifo cha mama yake kilikuwa sawa. Sijapata njia ya kuilainisha.

Naomba mfano. Ujumbe mbaya ukoje, na mzuri ukoje?

Nitatumia kisa kimoja kilichonipitia mikononi. Ofisi ilikuwa na mwenzao Mwitaliano wa umri wa miaka 40 hivi, mwenye Kiswahili cha mwaka mmoja na nusu. Baba yake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na wenzake walijua. Alipofariki, rasimu ya kwanza iliyoandikwa kwa niaba ya ofisi ilikuwa hivi:

> Ndugu yetu, tumepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa taarifa za kifo cha ghafla cha marehemu baba yako mpendwa. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Tunaomba utujulishe ratiba ya mazishi pamoja na namba ya kutuma rambirambi. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.

Hakuna kosa la tahajia, na kwenye ubao wa matangazo ingepita. Kwa mtu huyu ina matatizo kadhaa. "Kwa mshtuko" na "ghafla" si kweli, kwa kuwa mzee aliugua miaka, na mwana aliyekuwa akiomba ruhusa kwenda kumuuguza atajua kwamba aliyeandika hakuwa akimsikiliza. "Kifo cha marehemu" ni kurudia jambo mara mbili, tena neno "marehemu" siku ya kwanza ni zito: jana alikuwa baba, leo tayari ana cheo cha wafu. Ombi la ratiba na namba linampa kazi mtu ambaye hana nguvu. Na katika ujumbe mzima hakuna chochote kinachoonyesha kwamba unamhusu huyu na si mwingine.

Baada ya kuuliza wenzake wawili watatu wanamkumbukaje mzee, kilichotumwa kilikuwa hiki:

> Kaka yetu,
>
> Leo asubuhi tumepata habari kwamba baba yako amefariki. Poleni sana, wewe, mama na dada yako.
>
> Hatukumjua uso kwa uso, lakini tulimjua kwa simu za Jumapili. Kila Jumatatu ulitusimulia alivyokuuliza tena kama unakula vizuri.
>
> Kazi zako tumegawana mpaka utakaporudi. Usiwaze kuhusu ofisi, na usijisumbue kujibu ujumbe huu.
>
> Apumzike kwa amani.
>
> Ti siamo vicini.
>
> Sisi wenzako wote

Ni maneno hamsini na kitu tu. Sentensi ya simu za Jumapili ndiyo iliyobeba ujumbe wote. Nyingine zote unaweza kuzinakili, lakini hiyo lazima uitafute mwenyewe, na mara nyingi utaipata kwa kuuliza mtu anayekaa meza ya jirani naye.

Ona pia kwamba hatukuandika "tuambie kama unahitaji chochote". Sentensi hiyo ina nia njema, lakini inamwachia mfiwa kazi ya kufikiria ahitaji nini. "Kazi zako tumegawana" imekwisha kufanya jambo. Bila shaka, usiandike hivyo kama hamjazigawana.

Hiyo sentensi ya Kiitaliano mwishoni inamaanisha nini, na nitaiandikaje mimi?

"Ti siamo vicini" ni "tuko karibu nawe". Ndiyo kauli ya kawaida kwao kwa mtu unayemfahamu. Ile nyingine maarufu, "sentite condoglianze", ni ya rasmi zaidi, inafaa kwa mtu usiyemzoea, na kwa rafiki husikika kama imetoka kwenye kadi ya dukani.

Mtego ni kwamba neno "vicini" hubadilika kufuatana na anayeandika, wala si anayeandikiwa. Mwanamume mmoja ataandika "Ti sono vicino", mwanamke mmoja "Ti sono vicina". Kundi la mchanganyiko au la wanaume ni "Ti siamo vicini", kundi la wanawake watupu ni "Ti siamo vicine". Sisi ambao "yeye" wetu ni mmoja kwa wote hukosea hapa, kwa kuwa tunadhani tulinganishe na mfiwa.

Na tahadhari moja ya alama: kama utathubutu kuandika "baba" kwa Kiitaliano, ni "papà", yenye alama juu ya herufi ya mwisho. Ukiiacha, "papa" ni Baba Mtakatifu wa Roma, na utakuwa umempa pole kwa kifo chake. Ndiyo maana nashauri sentensi moja tu ya Kiitaliano, isiyozidi maneno matatu. Nyingine zote zibaki Kiswahili.

Nimwite nani? Yeye ni bosi wangu na amenizidi umri.

Kiitaliano kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", ya mazoea na ya heshima, na bosi wako amekulia ndani ya tofauti hiyo. Kiswahili hakina, heshima yetu iko kwenye jina la undugu. Kwa hiyo usiruke moja kwa moja kwenye jina tupu. "Kaka", "Dada", "Bwana" au "Bi" pamoja na jina vinatosha.

Angalia tu mgongano mmoja. Kama huwa unamwita bosi wako "Mama" kwa heshima, na aliyefariki ni mama yake, utajikuta umeandika "Pole Mama kwa kufiwa na mama". Siku hiyo mwite "Dada" au "Bi". Vivyo hivyo epuka "mama yetu" na "baba yetu" kwa kumtaja marehemu. Kwetu ni upendo wa kushiriki mzazi. Kwa mgeni "Baba yetu" ni mwanzo wa sala, na "mama yetu" itamfanya afikiri kuna mtu mwingine ofisini aliyefiwa. "Mama yako" ni wazi na haikosi adabu.

Nitume lini?

Siku hiyo hiyo uliyopata habari, kama inawezekana. Kwao mambo huenda haraka. Kanuni za mazishi za mwaka 1990 zinataka, kwa kawaida, saa 24 zipite tangu kifo kabla ya kuzika, na familia nyingi huzika ndani ya siku mbili au tatu. Hakuna wiki ya kusubiri ndugu wa mbali. Ukingoja ofisi ikutane Ijumaa kupitisha rasimu, mzee atakuwa amekwisha kuzikwa.

Kama mwenzako ameajiriwa Italia na anafanya kazi nanyi kwa mbali, jua pia kwamba sheria namba 53 ya mwaka 2000 inampa siku tatu za kazi zenye malipo kwa mwaka kwa ajili ya msiba wa ndugu wa karibu; mikataba mingine huongeza. Anaweza kuwa mezani tena mapema kuliko utakavyotarajia, na isiwe kwamba ujumbe wako unamkuta amesharudi kazini.

Meseji ya simu inakubalika kabisa kwa mtu mnayeandikiana kwa simu. Mtumie yeye binafsi. Kwenye kundi la ofisi, watu thelathini wakiandika "pole" mmoja baada ya mwingine, simu inalia kila nusu dakika mfukoni mwa mtu aliye karibu na jeneza. Bora mmoja aandike kwa niaba ya wote.

Tuchange rambirambi?

Hapa desturi zinaachana, hivyo tumia neno "rambirambi" kwa uangalifu. Kwa wengi wetu ni salamu na ni fedha pia. Kwao wenzake wa kazini kwa kawaida hawatumi fedha taslimu kwa mfiwa, na akiulizwa namba ya kupokelea anaweza kuona aibu asijue ajibu nini.

Njia ya kwao ni maua, au mchango kwa shughuli ya hisani. Tangazo la msiba, ambalo katika miji mingi bado hubandikwa ukutani, mara nyingi huwa na maneno "non fiori ma opere di bene", yaani si maua bali matendo mema, na wakati mwingine hutaja chama au hospitali ya kuchangia. Mkichanga, changieni huko, na katika ujumbe mwandike sentensi moja tu: "Tumetuma mchango wetu mahali ambapo familia ilielekeza." Kiasi msikitaje.

Kama tangazo halikukataza maua, mwachieni muuza maua wa huko achague.

Naweza kuuliza alifariki kwa ugonjwa gani, au kama mwenzangu aliwahi kufika?

Usiulize, hasa la pili. Mtu anayefanya kazi mbali na kwao, akapanda ndege usiku na kukuta mzazi ameshafariki, hilo ndilo linalomkereketa zaidi. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe.

Sijawahi kusikia chochote kuhusu mzazi wake. Niandike nini?

Andika kuhusu yeye mwenyewe, kwa jambo moja uliloliona. "Sikumjua mama yako, lakini najua jinsi ulivyokuwa ukimtaja" ni nzuri kama kweli alikuwa akimtaja. Kama hakuwa, acha. "Baba yako amefariki. Pole sana. Nakufikiria leo" ni ujumbe kamili. Uongo mdogo wa "alikuwa mtu mwema sana" kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona unajulikana mara moja.

Nimechelewa. Umepita karibu mwezi.

Andika bado, bila aya nzima ya kuomba radhi. "Nimechelewa kukuandikia, lakini sijasahau" inatosha. Tena familia za Kikatoliki huko huwa na misa ya siku ya thelathini, "trigesimo", wakati ambapo meseji za mwanzo zimekwisha na simu imenyamaza. Ujumbe unaofika siku hizo husomwa kwa utulivu zaidi, na hapo unaweza kuandika kwa urefu kidogo.

Nilishaandika. Akirudi ofisini nimpe pole tena?

Mara moja, kwa mdomo, na kwa sauti ya kawaida: "Pole tena, kaka. Karibu." Kisha mwache aende kwenye meza yake. Sisi tunaona ni ukosefu wa adabu kumpita mfiwa bila kusema, na yeye, kama amekaa nasi, analijua hilo. Ila akishapewa pole na watu ishirini kabla ya saa nne asubuhi, ya ishirini na moja inaweza kumliza mbele za watu, jambo ambalo huenda asingependa. Ukiona amezungukwa, mpelekee chai tu.